Kupima visiwa vya sarufi kwa Kiswahili: utumie kiulizi, amba-, o-rejeshi au kitenzi -pa?

Ukisimama Kariakoo upande wa maduka ya vifaa vya umeme, ukiwa umeshika redio iliyokufa na kuangaza huku na huku, haitachukua muda kijana atakusogelea akuulize: "Mzee, unatafuta fundi anayetengeneza nini?" Utamjibu, atakuongoza, na hakuna atakayehisi kuwa pamesemwa jambo la ajabu. Mimi husimama na sentensi hiyo kila ninapoisikia. Neno "nini" liko ndani ya kishazi rejeshi, "anayetengeneza nini", na kishazi rejeshi ndipo mahali ambapo lugha nyingi hukataa neno la kuuliza litoke.

Mwaka 1967 John Robert Ross, katika tasnifu yake ya uzamivu pale MIT, aliviita vipande vya sentensi vya namna hiyo visiwa. Kirai kilichomo ndani hakitoki kwenda mwanzo wa sentensi, kama mtu aliyebaki Bongoyo baada ya boti ya mwisho kuondoka. Kishazi rejeshi ni kimoja kati ya visiwa hivyo. Kingine kinachotajwa sana ni kishazi cha chagizo, yaani kile kinachoeleza sababu, wakati, sharti au kusudi la tendo.

Naandika kwa ajili ya mwanafunzi wa isimu wa hapa Dar es Salaam anayetaka kujua kama Kiswahili kina visiwa hivi, naye ana muhula mmoja tu wa kukusanya data. Vipimo vinavyoweza kutumika ni vingi na havitoi jibu moja. Mwanafunzi mmoja alinijia na daftari lake, akasema, "Shikamoo mwalimu. Nimeuliza watu ishirini pale kantini, wote wanakubali. Kiswahili hakina visiwa." Sentensi zake zilikuwa Kiswahili safi, na watu wake walimjibu kwa ukweli. Kasoro ilikuwa kwenye kipimo alichochagua. Basi tuviweke vipimo bega kwa bega.

Tuanze na kiulizi kinachobaki mahali pake, kama cha yule kijana wa Kariakoo. Kiswahili hakilazimishi "nini" liende mbele. Tunasema "Juma alinunua nini?" na sentensi imekamilika. Ndani ya chagizo pia linakaa bila shida: "Alikasirika kwa sababu Asha alisema nini?", "Umekuja ili upate nini?" Faida ya kipimo hiki ni wepesi wake. Sentensi ni za kawaida, hata asiyesoma sarufi anazitolea uamuzi papo hapo. Udhaifu wake unaonekana ukikitazama Kichina, ambacho nacho huacha viulizi mahali pake. James Huang, katika tasnifu yake ya mwaka 1982, alionyesha kuwa "nani" na "nini" za Kichina hukaa ndani ya kishazi rejeshi bila tatizo, lakini neno la kuuliza sababu halikai humo likauliza swali la sentensi nzima. Kwa hiyo sentensi ya Kariakoo haithibitishi kuwa kisiwa hakipo. Inaonyesha tu kuwa "nini" halikuhitaji kuondoka.

Ukitaka kiulizi kikupe jibu la maana, tumia "kwa nini". Sikiliza hizi mbili:

Unamtafuta fundi aliyefukuzwa kwa kosa gani?

Unamtafuta fundi aliyefukuzwa kwa nini?

Ya kwanza inajibika kwa urahisi: "Wizi." Ya pili, kwa sikio langu, mtu ataijibu kwa kueleza sababu ya kumtafuta, "Kwa sababu ana deni langu", na itabidi ajilazimishe ili aisikie kuwa inauliza sababu ya kufukuzwa. Tofauti hiyo inafanana na ile ya Kichina, ingawa lugha hizi mbili hazina undugu wowote. Mtafiti haulizi hapa kama sentensi inakubalika, maana zote mbili zinakubalika. Anauliza inajibiwa vipi. Mwombe mtu aandike jibu, kisha uhesabu majibu yanayohusu tendo la nje na yanayohusu tendo la ndani.

Kipimo cha pili ndicho alichotumia mwanafunzi wangu, kirejeshi amba-. Sentensi zake zilikuwa za namna hii:

Hii ndiyo redio ambayo natafuta fundi anayeweza kuitengeneza.

Huu ndio wimbo ambao nikiusikia nalia.

Ya kwanza inaitoa "redio" kwenye kishazi rejeshi, ya pili inautoa "wimbo" kwenye chagizo cha sharti, na zote ni nzuri. Lakini tazama kitenzi cha ndani: kuitengeneza, nikiusikia. Kile kiambishi cha yambwa, -i- na -u-, ni kiwakilishi kilichokaa pale pale ambapo nomino ingekuwa imetoka. Kama kiwakilishi kipo, hakuna pengo, na kama hakuna pengo, hatuna ushahidi kuwa kitu kilihama. Huenda "redio" ilizaliwa nje ya kisiwa tangu mwanzo, na -i- ndiyo inayoiunganisha na yaliyomo ndani. Lugha nyingi huokoa sentensi kwa kiwakilishi cha namna hii. Kwa hiyo watu ishirini wa kantini walikubali, na bado hatujajua lolote kuhusu kisiwa.

Kosa hili hutokea kwa urahisi zaidi kwa kiima. Ukiacha hu- ya mazoea, kiambishi cha nafsi ya kiima hakiondoki kwenye kitenzi cha Kiswahili chenye njeo, hivyo ukikitoa kiima kisiwani, kiwakilishi kimebaki humo upende usipende. "Yule bwana ambaye suti aliyoivaa imechafuka" ni Kiswahili cha kila siku. Wajapani wana sentensi inayofanana nayo karibu neno kwa neno, aliyoijadili Susumu Kuno mwaka 1973, na kwa muda mrefu imetajwa kama ushahidi kuwa Kijapani huruhusu kutoka kwenye kishazi rejeshi. Mjadala wake ni huu huu: je, mle ndani mna pengo, au mna kiwakilishi kisichotamkwa? Sisi kiwakilishi chetu kinatamkwa, ile a- ya "aliyoivaa", kwa hiyo hatuna sababu ya kujitia katika mjadala huo. Usipime visiwa vya Kiswahili kwa kiima.

Kipimo cha tatu ni o-rejeshi ya ndani ya kitenzi. Hiki ni kikali kuliko amba-, na ukali wake ndio unaonivutia. Weka hizi pamoja:

wimbo ambao nikiusikia nalia

wimbo ninaolia nikiusikia

Maneno ni yale yale, na kiwakilishi -u- kipo kotekote. Hata hivyo ya pili inakwama. Kirejeshi -o- kimelazimika kukaa kwenye kitenzi kikuu, "lia", ambacho hakina uhusiano wowote na wimbo. Ukidhani shida ni umbali tu, jaribu "kitabu alichosema Juma kuwa Asha alikisoma". Hapo pia kirejeshi kiko kwenye kitenzi kikuu na kitabu ni cha kitenzi cha ndani, lakini sentensi inapita, kwa sababu "kuwa Asha alikisoma" ni kijalizo cha "sema" na kwa hiyo si chagizo. O-rejeshi basi inatofautisha kijalizo na chagizo hata pale kiwakilishi kipo. Kwa mtafiti asiye na muda wa jaribio kubwa, ningemshauri aanzie hapa.

Ina mipaka yake. O-rejeshi haiingii kwenye kila njeo: hatuna umbo lake la -me-, na katika ukanushi tunabaki na -si- peke yake. Halafu katika mazungumzo ya Dar watu wengi hukimbilia amba- sentensi ikirefuka kidogo. Mtu akiikataa sentensi ndefu yenye o-rejeshi, huenda amekataa urefu kabla hajafika kisiwani. Ndiyo maana sentensi ya "alichosema Juma" lazima iwepo kando kama kipimo cha urefu.

Kipimo ninachokipenda zaidi ni cha nne, na kinatokana na tabia moja ya Kiswahili ambayo wanafunzi wanaijua lakini hawaitumii. Kitenzi cha Kiswahili kina nafasi moja tu ya kiambishi cha yambwa. Kihaya kinaweza kupanga viambishi hivyo viwili au zaidi kwenye kitenzi kimoja. Kiswahili hakiwezi. Chukua kitenzi -pa. Mpokeaji, kama ni mtu, anaidai nafasi hiyo: "mwalimu alimpa Asha kitabu". Ile -m- ya Asha imeshajaza kiti, na kitabu hakina pa kuwekewa kiwakilishi. Ukikitoa kitabu, unaacha pengo halisi. Na kwa kuwa -pa hudai kitu kinachotolewa, msikilizaji hawezi kuliziba pengo kwa kudhani kitenzi hakina yambwa, kama anavyoweza kufanya kwa "soma" au "kula".

Hivi ndivyo seti moja inavyopangwa. Sentensi nne, zikitofautiana kwa mambo mawili tu: nomino imetoka karibu au mbali, na ndani kuna kisiwa au hakuna. Mpangilio huu wa mbili kwa mbili ndio Jon Sprouse, Matt Wagers na Colin Phillips waliutumia katika utafiti wao wa mwaka 2012, na unafaa kabisa kwa kazi yetu.

1. Huyu ndiye mtu ambaye alisema kuwa mwalimu alimpa Asha kitabu.

2. Hiki ndicho kitabu ambacho Juma alisema kuwa mwalimu alimpa Asha.

3. Huyu ndiye mtu ambaye anamjua mwalimu aliyempa Asha kitabu.

4. Hiki ndicho kitabu ambacho Juma anamjua mwalimu aliyempa Asha.

Isome ya pili kwa sauti, kisha ya nne. Ya pili ni ndefu lakini inatiririka. Ya nne, kwangu, inaishia hewani. Natamani kuongeza "hicho" au "kitabu hicho" mwishoni, na hamu hiyo ya kuongeza ni dalili kuwa pengo limekataa kusomeka.

Kwa nini sentensi nne, wakati inayotuhusu ni moja? Kwa sababu sentensi ya nne inabeba gharama mbili ambazo hazihusiani na kisiwa: umbali wa nomino na uzito wa kishazi rejeshi chenyewe. Tuchukue tarakimu za kuonyeshea hesabu tu, kwa kipimio cha 1 hadi 7. Sentensi ya kwanza ikipata wastani wa 6 na ya pili 5, umbali umegharimu 1. Ya tatu ikipata 5, uzito wa muundo umegharimu 1. Kama hakuna kingine, ya nne inapaswa kupata 4, yaani 6 ukitoa gharama zote mbili. Ikipata 2, kuna pungufu ya 2 isiyoelezwa na umbali wala uzito. Pungufu hiyo ndiyo kisiwa. Ikipata 4 au karibu yake, huna kisiwa, hata kama watu wameipa alama ya chini kuliko zote. Anayekwenda na sentensi ya nne peke yake hawezi kuitambua tofauti hiyo.

Sasa kipimo hiki kikiwa mkononi, unapima nini kwanza, kishazi rejeshi au chagizo? Kama lazima uchague kimoja, chagua kishazi rejeshi. Umbo lake katika Kiswahili halina utata, unalitambua kwa kirejeshi chake. Chagizo zetu zinahitaji uangalifu mkubwa, kwa sababu nyingi zimeficha kitu kingine ndani yake. "Alipompa Asha kitabu" inaitwa chagizo cha wakati, lakini ile -po- ni kirejeshi, hivyo ukiitumia unapima kishazi rejeshi mara ya pili bila kujua. "Kwa sababu" imebeba nomino "sababu". "Baada ya kumpa" ina kihusishi na kitenzi-jina. Katika zote hizo, sentensi ikikataliwa hutajua nani alaumiwe.

Chagizo safi ninayoipendekeza ni ya "ili", kwa sababu ina mwenzake wa kijalizo mwenye umbo lile lile la dhamira tegemezi:

Hiki ndicho kitabu ambacho Juma alitaka mwalimu ampe Asha.

Hiki ndicho kitabu ambacho Juma alikuja ili mwalimu ampe Asha.

"Mwalimu ampe Asha" haijabadilika hata herufi. Tofauti ni kuwa kwanza ni kile alichokitaka Juma, pili ni kusudi la kuja kwake. Ya kwanza inapita, ya pili inajikwaa. Usisahau kuwa kusudi lisilo na "ili" lina tabia nyingine kabisa. "Kitabu nilichokuja kununua" ni maneno ya kila duka la vitabu mjini, na hapo hata o-rejeshi imekubali kukaa kwenye "kuja". Kiingereza nacho hufanya vivyo hivyo: chagizo chenye njeo hufunga mlango, lakini kusudi la kitenzi-jina baada ya kitenzi cha kwenda au kuja huruhusu swali kutoka. Anayeandika kwamba "chagizo ni kisiwa" au "chagizo si kisiwa" kwa Kiswahili, bila kusema ni chagizo gani, ameunganisha vitu viwili vyenye tabia tofauti.

Kabla hujachapisha dodoso, tazama pia kitenzi kikuu. Katika Kiswidi, Kinorwe na Kidenishi, wenyeji husema sentensi ambazo kwa muundo wake ni kama "Maua ya aina hii namjua mtu anayeuza", ambamo maua yametoka kwenye kishazi rejeshi. Nomi Erteschik-Shir aliziandikia Kidenishi mwaka 1973, na zimekuwa zikijadiliwa tangu hapo. Hupita vizuri zaidi na vitenzi kama "kujua" na "kuwepo", ambavyo vinamleta mtu kwenye mazungumzo bila kusema jambo zito juu yake. Hata hivyo Dave Kush, Terje Lohndal na Jon Sprouse walipopima maswali ya Kinorwe katika utafiti wa mwaka 2018, kishazi rejeshi kilionyesha athari ya kisiwa. Kwa hiyo kutanguliza mada na kuuliza swali ni vipimo tofauti hata ndani ya lugha moja, na "Maua ya aina hii namjua mtu anayeuza", ambayo hata kwa Kiswahili inasikika vizuri, haiwezi kusimama badala ya sentensi yenye amba-. Kwa nusu ya seti zako tumia "anamjua mwalimu", na kwa nusu nyingine kitenzi kizito kama "alimshtaki mwalimu". Pungufu ikiwa kubwa kwenye "alimshtaki" peke yake, umepata jambo linalotukaribisha na Waskandinavia, na hilo linastahili sura yake katika tasnifu.

Kwa mwanafunzi mwenye muhula mmoja ningepanga hivi. Seti nane za -pa kwa kishazi rejeshi, kila mtu aone sentensi moja tu kutoka kila seti, ili asiifananishe na dada zake. Hiyo inampa sentensi mbili za kila aina. Changanya na sentensi nyingine zisizohusika, angalau mara mbili ya hizo, zikiwemo nzuri kabisa na mbovu kabisa, ili atumie kipimio chote. Badala ya Asha na kitabu, geuza: mgonjwa na dawa, mpangaji na ufunguo, abiria na chenji. Mpokeaji awe mtu kila mara, maana akiwa si mtu, -m- inaacha kuwa ya lazima na kiti kinabaki wazi. Kagua upatanisho wa amba- mara mbili, kwani "ambayo" iliyopachikwa kwenye kitabu itashusha alama nawe utaihesabu kama kisiwa. Mwenye wiki mbili tu afanye o-rejeshi dhidi ya amba- kwa chagizo za -ki-, na swali la "kwa nini" aliweke mwishoni kwa majibu ya kuandika.

Na kwenye ukurasa wa kwanza wa dodoso uliza lugha ambayo mtu alilelewa nayo nyumbani. Pale Mlimani, katika darasa moja utakuta aliyezaliwa Tanga na Kiswahili chake, aliyekua Bukoba na Kihaya, na aliyekua Shinyanga na Kisukuma. Mwenye lugha ya viambishi viwili vya yambwa anaweza kuisikia "aliyempa Asha" kwa namna ambayo wa Tanga haisikii, na ukishachanganya majibu yao hutaweza kuyatenganisha tena.